Jina Dogo, Maneno Makubwa

Chukua kanga ya Mombasa iliyochapishwa na duka la Kaderdina Hajee Essak, duka lililoanza 1887, uitazame vizuri. Ina pindo, mji, na jina, yaani ule usemi unaomfanya mnunuzi aichague hiyo aache nyingine. Kisha ushuke ukingoni. Hapo, kwa herufi ndogo ambazo wengi hawazisomi, utakuta chapa ya mwenye duka: K.H.E., Mali ya Abdulla. Kwa miaka mingi wanawake wa pwani na bara wamejifunga jina la mfanyabiashara huyo kiunoni, wakaendea nalo harusini na msibani, na hakuna aliyejiona ni bango linalotembea. Mwenye duka alielewa jambo ambalo makampuni mengi hayajalielewa hadi leo: mtu huvaa maneno yake mwenyewe, na jina la muuzaji hupata usafiri wa bure pembeni.

Fulana ilichukua njia ndefu zaidi kufika hapo. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa nguo ya ndani ya mabaharia wa jeshi la Marekani, na watu waliona haya kuonekana nayo barabarani. Ilipoanza kubeba maandishi, ilibeba ya taasisi: jina la shule, la kikosi, la mgombea. Katika jumba la makumbusho la Smithsonian imehifadhiwa fulana ya kampeni ya Thomas Dewey, aliyegombea urais wa Marekani 1948 akashindwa na Harry Truman. Fikiria fulana ile asubuhi ya baada ya matokeo. Hapa kwetu tunaijua vizuri hali hiyo, maana uchaguzi ukipita, fulana za wagombea huenda shamba na mwenyewe, kisha huishia kuwa tambara la kudekia. Shida yake haiko kwenye kitambaa peke yake. Imefungwa kwenye siku moja, na siku hiyo ikipita fulana haina tena la kusema.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 ukaja wino wa plastisoli, unaokaa juu ya nyuzi kama ngozi nyembamba ya plastiki na kung'aa hata kwenye kitambaa cheusi. Haukauki kwa upepo wala jua. Lazima uokwe hadi wino wenyewe ufike karibu nyuzijoto 160. Ndipo kuchapisha fulana kukawa rahisi, na makampuni yakaanza kuzigawa kwa maelfu. Ndipo pia yakaanza kuharibu, kwa kuweka nembo kubwa kifuani kana kwamba aliyevaa amekodishwa.

Mfano ninaoupenda wa timu iliyopatia ni ile iliyotengeneza kompyuta ya Macintosh pale Apple, iliyozinduliwa tarehe 24 Januari 1984. Andy Hertzfeld, mmoja wa waandishi wa programu zake, amesimulia jinsi Steve Jobs alivyokuwa akijisifu kwa wanahabari kwamba vijana wake wanafanya kazi saa nyingi kupita kiasi. Watu wa idara ya fedha wakaligeuza jambo hilo kuwa nguo. Kusema kweli haikuwa fulana; ilikuwa sweta zito la kijivu lenye kofia. Mbele palikuwa na jina Macintosh, na mgongoni, kwa herufi kubwa, maneno yenye maana ya "saa 90 kwa wiki, na tunafurahia".

Angalia mgawanyo huo, ni ule ule wa kanga. Jina la bidhaa limetulia mbele, na maneno makubwa ni ya mvaaji. Hayasemi lolote kuhusu uwezo wa kompyuta wala bei yake. Yanasema, kwa majigambo na utani kidogo, kwamba aliyevaa alikuwemo. Burrell Smith, fundi aliyebuni bodi kuu ya mashine ile, alilivaa mara kwa mara. Alipoacha kazi Februari 1985 hakulitupa. Alichukua utepe mweusi, akaikata ile 9 kwa alama ya mkasi, ikabaki sifuri: saa 0 kwa wiki. Akatembea nalo kwa furaha. Nguo ambayo mtu anaivaa hata siku ya kuondoka, tena baada ya kuihariri, imekuwa yake. Na jina Macintosh lilikuwa bado mbele.

Tuseme sasa timu ya watu 30 inazindua jiko la gesi Dar es Salaam. Mpango wa kawaida ni fulana nyeupe nyepesi, nembo ya rangi nne kifua kizima, tarehe ya uzinduzi chini yake, na namba ya simu mgongoni. Wino mwingi namna hiyo hauruhusu hewa kupita. Kwa joto la Februari huwa kama kipande cha nailoni kilichobandikwa kifuani, na jasho hukusanyika nyuma yake. Ikifuliwa mara tatu, nembo inaanza kupasuka.

Mimi ningeanza na maneno. Ningewauliza watu wa timu wanataniana kwa lipi: labda ni wali ulioungua siku ya majaribio, labda ni mtungi waliopandisha ngazi hadi ghorofa ya nne. Sentensi fupi itokayo humo, inayomchekesha hata asiyejua kisa, ndiyo ingekwenda mgongoni karibu na mabega. Nembo ingekaa kifuani kushoto, upana usiozidi sentimita tisa, na tarehe ningeiweka ndani ya shingo, mahali pa lebo. Yote kwa wino wa rangi moja. Kila rangi hudai skrini yake, na kwa fulana 30 tu gharama ya skrini tatu za ziada ni afadhali iende kwenye pamba.

Pamba hiyo iwe iliyochanwa, ya gramu 160 hadi 180 kwa mita ya mraba. Chini ya hapo, ile nyeupe huonyesha sidiria na mbavu; juu sana inakuwa blanketi kwa mji wetu. Rangi iwe ile ambayo mtu angeinunua kwa hela yake hata kama si rangi ya kampuni. Hapa ndipo ugomvi na idara ya masoko huanza, na inafaa kuupigania. Saizi zisikisiwe. Kila mtu ataje yake, na wanawake wapewe mkato wao, kwa sababu nguo isiyomkaa mtu haitoki kabatini hata iwe na maneno matamu vipi.

Kabla ya kuchapisha zote, fundi atoe moja. Ikishapoa, vuta sehemu yenye maandishi kwa mikono miwili. Wino ulioiva hunyumbuka na kurudi. Ambao haukuiva hupasuka mistari midogo kama tope kavu. Ukipasuka, joto halikufika, au mkanda wa tanuri ulipita haraka. Ukipona, ifuliwe na kukaushwa mara tano, kisha apewe mmoja wa timu aende nayo nyumbani Ijumaa. Jumatatu usimwulize kama ni nzuri, maana atakuambia ni nzuri. Mwulize aliivaa wapi.