Barua ya Madai Katika Jalada la Hekalu Letu

Katika kabati la ofisi ya hekalu letu limo jalada la mwaka 2002. Ndani yake mna barua ya kurasa mbili ambayo marehemu katibu wetu aliiandikia kampuni ya bima baada ya moto. Mimi nilikuwa mweka hazina msaidizi, nami ndimi niliyeipiga chapa. Wengi hukumbuka moshi na machozi ya usiku ule. Mimi hukumbuka zaidi barua hiyo, kwani ndiyo iliyoamua tulipwe nini.

Moto ulianza siku chache kabla ya Diwali, saa nane za usiku, katika dari juu ya ghala. Asubuhi yake katibu alipeleka taarifa fupi ya tukio, akakataza mtu yeyote asifagie wala kutupa kilichoungua mpaka mkadiriaji wa hasara aje kukiona. Barua yenyewe ya madai ilifuata wiki tatu baadaye. Haikuwa na maneno ya huzuni. Ilitaja nambari ya hati ya bima, tarehe, saa na mahali moto ulipoanzia. Kuhusu chanzo ilisema tu kwamba ni kama kilivyoelezwa katika taarifa ya Zimamoto, yaani waya mkuukuu wa umeme uliopata joto kupita kiasi. Kisha ikagawa hasara katika mafungu matatu: jengo, vyombo na samani, na vitu vya ibada. Kila kitu kilipewa nambari, na nambari hiyo hiyo iliandikwa juu ya picha yake na juu ya hati iliyokithibitisha.

Kwa jengo, ushahidi ulikuwa makadirio ya makandarasi wawili. Kwa vipaza sauti na mabusati, tulikuwa na stakabadhi za madukani. Ugumu ulikuwa katika vitu vya ibada, ambavyo karibu vyote vilitolewa na waumini. Sanamu moja ya marumaru ilipasuka, kwa kuwa jiwe lililopata moto lilimwagiwa maji ya baridi kwa ghafla. Nani angekuwa na stakabadhi yake? Kilichotuokoa ni daftari la misaada, lililoandikwa kwa Kigujarati tangu enzi za wazee wetu: jina la mtoaji, kitu, uzito wa fedha au kimo cha sanamu, na tarehe. Kurasa zilizohusika zilitafsiriwa, zikathibitishwa na wakili, zikaambatanishwa. Kampuni ilikubali gharama ya kuchonga sanamu nyingine na kuisafirisha. Heshima ya sanamu iliyokwisha kuwekwa wakfu haikudaiwa, kwani haina bei.

Katika kikao cha kamati palizuka ubishi. Taa moja kubwa ya fedha ilikuwa kwa sonara usiku ule, ikitengenezwa. Mjumbe mmoja akasema, "Imo katika daftari, nani atajua?" Katibu akajibu, "Ndugu yangu, dai moja la uongo laweza kubatilisha madai yote. Na sisi tutasimamaje tena mbele ya madhabahu?" Taa haikuandikwa.

Hata hivyo, ukweli wetu haukutuponya na kosa letu wenyewe. Jengo lilikuwa limekatiwa bima ya shilingi milioni 60 mwaka 1994, na kila mwaka tulilipa ada bila kuirekebisha thamani hiyo. Mkadiriaji alikokotoa kwamba kulijenga upya jengo zima kungegharimu milioni 100. Kwa hiyo tulikuwa tumekinga asilimia 60 tu ya thamani yake. Hasara ya paa na dari ilikuwa milioni 20. Sisi tulidhani kwamba, maadamu milioni 20 ni pungufu ya milioni 60, tutalipwa zote. Lakini hati ilikuwa na kifungu cha uwiano: anayekinga sehemu ya mali hulipwa sehemu iyo hiyo ya hasara. Tukalipwa milioni 12. Milioni 8 zilizobaki zilichangwa na waumini, wengine wakitoa fedha za harusi za watoto wao.

Nilipokuwa kijana niliona kampuni imetudhulumu. Nilipokisoma kifungu kile kwa utulivu, nilitambua kwamba kilikuwa mle tangu siku ya kwanza, nasi hatukukisoma.

Tangu hapo kamati humwita mthamini wa majengo kila baada ya miaka mitatu, na thamani anayoitoa ndiyo inayoandikwa katika hati. Daftari la misaada lina nakala mbili, na moja huhifadhiwa nje ya hekalu. Maana usiku ule wa moto daftari lilipona kwa sababu moja tu: katibu alikuwa amekwenda nalo nyumbani kujumlisha hesabu.