Mtoto Hakufupika, Alisimamishwa Tu

Mwaka jana dadangu alirudi kutoka kliniki akiwa amenuna. Mtoto wake alikuwa ametimiza miaka miwili wiki hiyo. Mwezi mmoja kabla, kijitabu kilikuwa kimeandikwa urefu wa sentimita 86.9. Siku hiyo kikaandikwa 87.1.

"Mwezi mzima, ameongeza milimita mbili peke yake," akaniambia. "Nesi amesema, mama, ongeza mayai na omena. Kwani anadhani mtoto wangu halali na tumbo limejaa?"

Nikachukua kile kijitabu nikakicheki. Hakukuwa na kosa kwenye namba. Nikamuuliza swali moja tu: "Mwezi uliopita walimpima vipi?"

"Amelala kwa ule ubao."

"Na leo?"

"Amesimama kwa ukuta."

Basi hapo ndipo hii stori inaanzia, kwa sababu yule mtoto alikuwa ameongeza karibu sentimita moja nzima, kama watoto wengi wa umri wake. Ni vile tu siku hiyo alisimamishwa, na mtu akisimama anakuwa mfupi kuliko akilala.

Si mzaha. Uti wa mgongo wako ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na katikati ya pingili kuna visahani laini kama sponji. Ukilala, uzito wa kichwa na kifua hauvikandamizi, na mgongo unanyooka kidogo. Ukisimama, uzito wote unashuka, visahani vinabanwa, mgongo unajikunja kwa mikunjo yake ya kawaida, na nyama ya kisigino nayo inabonyea. Kwa mtoto wa miaka miwili hivi, tofauti hiyo kwa wastani ni sentimita 0.7. Ni kama upana wa penseli. Inaonekana kitu kidogo, lakini ngoja.

Sasa mtu atauliza, kwani kwa nini wasipime watoto wote kwa njia moja wamalizane na hii stress? Shida ni kwamba mtoto mchanga hawezi kusimama, na hata yule wa mwaka mmoja anayetembea hasimami wima. Anakunja magoti, anatanua miguu kama mtu amepanda farasi, anamtafuta mamake. Ukimpima hivyo utapata namba yoyote ile. Kwa hivyo analazwa. Kuna ubao wenye kizuizi kisichosonga upande wa kichwa na kingine kinachosonga upande wa miguu. Lazima wawe watu wawili. Mmoja anashika kichwa kiguse kizuizi, macho yakitazama juu. Mwingine anabonyeza magoti polepole yanyooke, anasukuma kizuizi hadi kiguse nyayo, anasoma namba haraka kabla teke halijakuja.

Upande ule mwingine, huwezi kumlaza mtoto wa miaka minne kwa ubao. Atapigana na wewe, na ubao wenyewe utahitaji kuwa mrefu kama mlango. Zaidi ya hapo, sisi wakubwa wote tunapimwa tukiwa tumesimama, kwa hivyo lazima kuwe na mahali mtoto anavuka kutoka kulala kwenda kusimama. Shirika la Afya Duniani, WHO, limeweka mpaka kwenye miezi 24. Siku moja kabla ya hapo unalazwa, na ukishafika hapo unasimama, kama unaweza.

Lakini mimi nilichotaka kujua ni hiki: kabla ya huo mpaka kuwekwa vizuri, ilikuwaje? Nikaenda kuchimba, na manze, nilichokuta ni kwamba kwa karibu miaka 30 dunia nzima ilikuwa inahesabu watoto waliodumaa kwa chati yenye ufa katikati.

Mwaka wa 1977, taasisi ya takwimu za afya ya Marekani, NCHS, ilitoa chati za ukuaji. Muda mfupi baadaye WHO ikazichukua zitumike kila mahali, na Afrika ikiwemo. Ukitaka kujua mtoto wa Kisumu au Kitui amedumaa, ulimlinganisha na hizo chati. Hata ripoti ya KDHS ya 2003 hapa kwetu bado ilizitumia.

Shida ni kwamba zilikuwa chati mbili zilizogundishwa pamoja. Ile ya watoto wadogo ilitoka kwa utafiti wa taasisi ya Fels, mji wa Yellow Springs, jimbo la Ohio, uliokusanya vipimo kuanzia 1929 hadi 1975. Hao walikuwa watoto wazungu wa familia za kujiweza kiasi, wengi walilelewa kwa maziwa ya chupa, na walipimwa wakiwa wamelala. Ile ya watoto wakubwa ilitoka kwa upimaji wa Marekani nzima wa miaka ya 1960 na 1970, na hao walipimwa wakiwa wamesimama. Kwa hivyo watoto walikuwa wengine, na kipimo pia kilikuwa kingine. Gundi ikapakwa kwenye miezi 24.

Sasa cheki kilichotokea hapo kwenye gundi. Kwa mvulana wa miezi 24, wastani wa chati ya kulala ulikuwa sentimita 87.6. Wastani wa chati ya kusimama, umri uleule, ulikuwa 85.6. Hiyo ni tofauti ya sentimita 2. Lakini tumesema kusimama kunapunguza 0.7 tu. Ile 1.3 iliyobaki ilitoka wapi? Ilitoka kwa ukweli kwamba watoto wa Ohio walikuwa warefu kuliko watoto wa ule upimaji wa taifa.

Chukua mvulana mmoja. Asubuhi unampima amelala, anapata 87.6. Yuko kwenye wastani kabisa. Unamsimamisha, anashuka hadi 86.9. Unafungua chati ya kusimama, wastani ni 85.6, na ghafla amepita wastani kwa sentimita 1.3. Hajakula chochote wala hajakua hata unywele, ila kwenye karatasi ameboreka.

Sasa chukua hiyo uizidishe kwa nchi nzima. Kwenye tafiti nyingi za nchi maskini, kiwango cha kudumaa kilikuwa kikipanda mwezi baada ya mwezi, halafu kinashuka papo hapo kwenye miezi 24. Ungeweza kukaa ofisini ukaamua kwamba watoto wakifika miaka miwili hali inakuwa shwari, kumbe ni ufa wa chati. Wataalamu wenyewe waliujua na wakaandika kuuhusu, na ni moja ya sababu zilizofanya WHO ikubali kuanza upya.

Kuanza upya kulichukua muda. Kati ya 1997 na 2003, WHO ilipima watoto karibu 8,500 katika sehemu sita: Pelotas kule Brazili, Akra, Delhi Kusini, Oslo, Maskati, na Davis kule Kalifornia. Walichagua watoto walionyonya, ambao mama zao hawavuti sigara, na ambao hawakuwa na umaskini wa kuzuia ukuaji. Chati mpya zikatoka Aprili 2006.

Na hapa ndipo walifanya kitu ambacho mimi nakiheshimu sana. Watoto wa kati ya miezi 18 na 30 waliwapima kwa njia zote mbili, mtoto yuleyule analala kisha anasimama. Hapo ndipo ile 0.7 ilitoka. Hawakukisia. Wakatengeneza mstari mmoja, kisha kwenye miezi 24 wakaushusha kwa 0.7 tu. Ndiyo maana kwa mvulana wa wastani chati inasoma 86.9 kwenye miezi 23 akiwa amelala, na 87.1 kwenye miezi 24 akiwa amesimama. Rudi juu usome tena namba za kijitabu cha dadangu. Mpwa wangu yuko kwenye wastani wa dunia hadi nukta.

Sheria ya kurekebisha ni rahisi. Mtoto hajafika miaka miwili na amekataa kulala? Mpime amesimama, ongeza 0.7. Amepita miaka miwili lakini hawezi kusimama, labda ni mgonjwa? Mlaze, toa 0.7. Na kama umri haujulikani, mfano kwenye kambi ambako mama alikimbia bila karatasi, wanatumia urefu: chini ya sentimita 87 analazwa, kuanzia 87 anasimama.

Ukisahau hiyo 0.7 inaweza kuleta noma? Inaweza. Kwa mvulana wa miezi 24, mstari wa kudumaa ni 81.7 kwa kulala na 81.0 kwa kusimama. Sema kuna mtoto ambaye akilala anafika 81.4. Yuko chini ya mstari, amedumaa. Akisimama atakuwa 80.7, bado yuko chini ya mstari. Njia zote mbili zinasema ukweli uleule. Lakini mpime amelala, halafu uende usome kwenye mstari wa kusimama: 81.4 iko juu ya 81.0. Mtoto amepita. Anaambiwa yuko sawa, anaenda nyumbani, na hakuna anayemfuatilia. Kosa likienda upande ule mwingine, mtoto mzima anaitwa amedumaa na mama anabebeshwa lawama.

Maoni yangu ni haya, na mnaweza kunipinga kwa komenti. KDHS ya 2022 inasema asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Hiyo namba tunaibeba kwa mijadala, wanasiasa wanaitaja, bajeti zinapangwa nayo. Timu za KDHS zimefundishwa na zina ubao unaofaa, mimi sina shida nao. Shida yangu ni kule chini kliniki, ambako ubao umevunjika na nesi ni mmoja na foleni imefika geti. Akipima peke yake kwa utepe wa fundi juu ya kitanda, kosa lake linaweza kuwa kubwa hata kuliko hiyo 0.7. Na kijitabu kinabeba namba tu. Hakuna anayeandika kando yake "amelala" au "amesimama". Neno moja, sekunde mbili, na dadangu asingelia siku hiyo.

Kwa hivyo ukimpeleka mtoto kliniki, wako au wa dadako, mvue viatu, fungua zile shanga na matuta ya nywele, na uulize amepimwa vipi. Kisha toa kalamu uandike mwenyewe kando ya namba. Mimi nimeshaandika kwa kile cha mpwa wangu: "86.9 amelala. 87.1 amesimama." Dadangu akasoma, akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Sasa hayo mayai nimenunua trei nzima nitafanyia nini?"