Kushusha kifurushi cha Google One: kinachopotea na kinachobaki

Google One ni huduma ya kulipia nafasi ya kuhifadhi inayotumiwa kwa pamoja na Gmail, Drive na Photos. Asiyelipia ana gigabaiti 15 za bure. Mtu aliyekuwa na kifurushi cha gigabaiti 100 akirudi kwenye hizo za bure, maswali yake huwa kama haya.

Je, picha zangu zitafutwa siku hiyo?
Hapana. Kifurushi huendelea hadi mwisho wa kipindi ulicholipia, kisha kiwango hushuka na faili hubaki pale zilipo. Tuseme mama ana gigabaiti 38: Photos 27, Drive 7, Gmail 4. Atakuwa amezidisha 23. Bado ataweza kuzifungua picha zake zote na kuzipakua. Kinachosimama ni kuingiza kipya: simu haipandishi tena picha, Drive haipokei faili, na hati zake za Docs haziwezi kuhaririwa, hata na wenzake aliowashirikisha. Linaloumiza zaidi ni Gmail, kwa kuwa barua anazotumiwa hurudishwa kwa mtumaji. Mwenye akaunti huona kimya tu, na huenda akadhani hajaandikiwa.

Na waliokuwa kwenye kundi la familia?
Kila mmoja hurudi kwenye gigabaiti 15 zake mwenyewe. Kijana mwenye gigabaiti 21 atakuwa amezidisha 6, ingawa hakugusa chochote. Mlipaji awaambie mapema. Faili zao hazioni, hivyo hawezi kuwasafishia.

Data hukaa hivyo hadi lini?
Akaunti ikizidisha kiwango kwa miaka 2 mfululizo, Google yaweza kufuta vilivyomo kwenye Gmail, Drive na Photos, baada ya kutoa taarifa angalau miezi 3 kabla. Watu huichanganya kanuni hii na ile ya akaunti isiyotumika. Kufungua akaunti kila siku hakusaidii hapa. Kinachotakiwa ni kupunguza vitu au kulipia tena.

Nipunguzeje?
Ukurasa wa one.google.com/storage huonyesha kila huduma imekula kiasi gani. Pakua kwanza nakala kupitia takeout.google.com, kisha anza na video, ndizo nzito. Kilichofutwa huendelea kuhesabiwa mpaka Tupio limwagwe, na hapo ndipo wengi hushangaa kuona namba haijasogea. Usijisumbue na picha zilizopandishwa kwa ubora uliobanwa kabla ya tarehe 1 Juni 2021, kwa kuwa hazihesabiwi.

Photos pia hukubali kuzibana picha zilizopandishwa kwa ubora halisi. Nafasi hupatikana, lakini picha inayozidi megapikseli 16 hupunguzwa na hairudi ilivyokuwa. Kwa picha za harusi au za waliotangulia, ni heri kuzihamishia kwanza kwenye diski ya nyumbani.