Siku zisizo na riba (kadi ya mkopo)

Siku zisizo na riba ni muda ambao mwenye kadi ya mkopo hatozwi riba kwa kitu alichonunua, mradi alipe deni lote lililo kwenye taarifa yake ya mwezi kabla ya siku ya mwisho kupita. Matangazo ya benki za Kenya mara nyingi hutaja siku zinazofika 50. Huo ni ukomo wa juu. Siku anazozipata mnunuzi hutegemea alinunua siku ngapi kabla ya benki kufunga hesabu ya mwezi.

Chukua mfano wa kadi ambayo taarifa yake hutoka tarehe 15 ya kila mwezi, na mwenye kadi hupewa siku 20 za kulipa. Mkulima wa Trans Nzoia anafika Kitale kununua mbegu ya mahindi, msimu wa kupanda ukiwa umekaribia. Akinunua Machi 15, mbegu hiyo inaingia kwenye taarifa ya siku hiyohiyo, naye atatakiwa kulipa ifikapo Aprili 4: amepata siku 20 tu. Akingoja hadi Machi 16, ununuzi utasubiri taarifa ya Aprili 15, na siku ya mwisho ya kulipa itakuwa Mei 5. Sasa ana siku 50, kwa mbegu ileile na bei ileile.

Hapo kuna tahadhari moja. Benki nyingi hupanga manunuzi kwa siku yalipoandikwa kwenye akaunti, na siku hiyo huweza kuja siku moja au mbili baada ya kadi kutumika dukani.

Sharti la kulipa deni lote ndilo linalowanasa wengi. Tuseme mkulima huyo alinunua pembejeo za shilingi 30,000 mjini Kitale Machi 18, kisha Aprili 10 akanunua mabati ya shilingi 10,000 mjini Bungoma. Taarifa ya Aprili 15 inadai shilingi 40,000. Mei 5 analipa 39,000, akijua kwamba amebakiza deni dogo la shilingi 1,000.

Katika mikataba mingi, kubakiza hata kidogo hufuta msamaha wote, na riba huhesabiwa kuanzia siku ya kila ununuzi. Riba ikiwa asilimia 3 kwa mwezi, yaani takriban asilimia 0.1 kwa siku, shilingi 30,000 zilizokaa siku 48 zinazaa 1,440. Zile 10,000 zilizokaa siku 25 zinazaa 250. Shilingi 1,000 iliyobaki inaongeza 10 hadi taarifa ya Mei 15. Jumla ni shilingi 1,700, kwa salio la 1,000. Benki nyingine hutoza riba kwenye salio pekee, na hapo gharama ingekuwa chini ya shilingi 60. Tofauti hiyo imo kwenye masharti ya kadi, katika kifungu kinachoeleza riba huanza kuhesabiwa lini na juu ya kiasi gani.

Madhara hayakomi hapo. Salio likishavuka siku ya mwisho, kwa kawaida manunuzi mapya nayo huanza kutozwa riba tangu siku ya kwanza, mpaka deni lote lilipwe. Ndiyo maana mtu aliyemaliza deni huweza kuona riba kidogo kwenye taarifa inayofuata: ni ya zile siku kati ya kutoka kwa taarifa na malipo kufika benki.

Kiasi cha chini cha kulipa, ambacho huwa sehemu ndogo ya deni, humwepusha mtu na faini ya kuchelewa lakini si na riba. Aliyeiagiza benki ikate kiasi hicho moja kwa moja kila mwezi anaweza kulipa riba miaka nenda miaka rudi bila kuchelewa hata mara moja. Fedha taslimu zinazotolewa kwa kadi kwenye mashine ya ATM nazo, kwa kawaida, hazina siku za msamaha: ada na riba huanza siku hiyohiyo.

Mahindi yanayopandwa Machi au Aprili katika Trans Nzoia huvunwa kuanzia Oktoba, na miwa ya Bungoma huchukua zaidi ya mwaka mmoja shambani. Siku 50 haziwezi kufika mavuno hayo. Mkulima asiye na kipato kingine atalipa riba ya miezi kadhaa, na mkopo wa msimu huweza kumfaa zaidi. Mwalimu wa Bungoma anayepata mshahara mwishoni mwa mwezi yuko pazuri zaidi: siku ya mwisho ikiwa tarehe 5, mshahara unakuwa umeshaingia. Ikiwa yake huangukia tarehe 25, anaweza kuiomba benki imbadilishie tarehe ya taarifa.