Kulipa kodi ya nyumbani ukiwa nje: shilingi zifike zote, na namba ifike ilivyo

Wiki iliyopita simu moja iliingia studio kutoka Tanga. Kaka mmoja alisema dada yake yuko Maskati, Omani, na ana fremu nne za maduka hapa nyumbani alizopangisha. Dada alituma kodi ya mapato kupitia benki ya kule, benki ikamkata fedha, akapewa karatasi ya kuonesha ametuma. Lakini TRA deni lilikuwa bado linasoma vile vile. Muda wa kipindi ulituishia kabla ya kumjibu vizuri, kwa hiyo tunaandika hapa ili na wengine wenye ndugu nje wasome kwa nafasi.

Tuanze na namba. Malipo ya Serikali ya Tanzania hupita kwenye mfumo uitwao GePG, ulioanza mwaka 2017, na kila bili hupewa namba yake ya kumbukumbu ya malipo. Mtaani tunaiita kontrol namba. Ina tarakimu 12 na kwa kawaida huanza na 99. Si TIN. TIN ni yako wewe mlipakodi, ina tarakimu tisa, na haibadilika mwaka hadi mwaka. Kontrol namba ni ya bili moja tu na ina tarehe ya mwisho wa kutumika. Mtu akiandika TIN mahali pa kontrol namba, fedha inaweza kufika benki sahihi kabisa ikakaa tu, kwa sababu mfumo haujui ni ya bili gani.

Mlipakodi akitengeneza bili kwenye mfumo wa TRA anaweza kutoa fomu ya kuhamisha fedha kwa benki aliyoichagua. Fomu hiyo ndiyo anayopaswa kuipeleka kwenye benki ya kule aliko, siyo namba aliyosomewa kwenye simu na mtu. Inaonesha jina la mpokeaji, namba ya akaunti, na alama ya SWIFT ya benki. Alama ya SWIFT ni herufi nane au kumi na moja, na herufi ya tano na ya sita hutaja nchi. Kwa CRDB ni CORUTZTZ na kwa NMB ni NMIBTZTZ. Unaona TZ ya kwanza ipo katikati. Ukiona herufi nyingine mahali hapo, fedha inaelekea nchi nyingine.

Kwenye fomu hiyo pia kuna mstari unaoonekana wa ajabu, ulioandikwa hivi (namba hii ni ya mfano):

```
/ROC/991234567890
```

Mstari huu unatakiwa uingie kwenye sehemu ya maelezo ya malipo, ambayo wenye benki waliizoea kwa jina la sehemu ya 70. Namba ya akaunti huingia sehemu ya 59. Uandikwe kama ulivyo, pamoja na mikwaju yake yote miwili, bila nafasi katikati ya tarakimu, bila kuongeza "kodi ya fremu" wala jina la mtu. Binadamu angeelewa maneno hayo, lakini kompyuta inayopokea inatafuta alama hizo ili ijue kontrol namba inaanzia wapi. Baadhi ya programu za benki za nje hazikubali mkwaju, au zina sehemu moja ya "kumbukumbu yako" ambayo humbakia mtumaji tu na haisafiri. Kama programu ni ya namna hiyo, aende kaunta na fomu mkononi, kisha kabla ya kusaini asome kilichochapwa, tarakimu moja moja.

Kwa dada wa Maskati, namba ilikuwa sawa. Kilichomwangusha ni kiasi.

Alikuwa amewasilisha makadirio ya kodi ya mwaka ya Sh 3,600,000, kwa hiyo kila awamu ni Sh 900,000. Kwa mtu ambaye mwaka wake wa hesabu ni Januari hadi Desemba, awamu hizo hulipwa kabla ya mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Benki yake haikuwa na shilingi za Tanzania za kutuma, ikamwambia itatuma dola. Tuseme aliangalia kwenye mtandao akaona dola moja ni Sh 2,500. Akagawa, akapata dola 360, karibu riali 138, akatuma hizo hizo. Hesabu yake ya kugawa haina kosa.

Njiani dola hupita benki ya mpito, mara nyingi yenye akaunti za dola Marekani, na benki hiyo huchukua ujira wake humo humo ndani ya fedha inayopita. Tuseme ilichukua dola 20. Zikafika 340. Benki ya hapa nayo hainunui dola kwa bei ya kwenye mtandao. Hununua kwa bei yake ya siku hiyo, tuseme Sh 2,450. Mara 340, unapata Sh 833,000. Bili inasema 900,000. Pungufu ni Sh 67,000, na hakuna mtu aliyemwibia.

Fomu ya uhamisho hutaka kiasi kinachofika kiwe sawa na kilichoandikwa. Kikipungua, malipo yanaweza kukataliwa na kurudishwa yalikotoka, na safari ya kurudi nayo huwa na makato yake. Ndiyo maana mtu huona benki ya kule imeshamkata, na TRA hawana kitu.

Benki ya nje itamuuliza nani abebe gharama, na majibu ni matatu kwenye skrini: OUR, SHA, BEN. OUR maana yake mtumaji analipa gharama zote pembeni. SHA, kila upande hulipa za kwake, na ujira wa benki ya mpito hukatwa ndani ya fedha. BEN, zote hukatwa kwa mpokeaji. Kwa kodi achague OUR. Asipochagua, mara nyingi huwekewa SHA bila kuambiwa. Ila OUR hutibu makato tu, haitibu bei ya kubadilisha dola. Bili ikiwa ya shilingi na fedha ikaondoka kwa dola, bado hajui zitafika shilingi ngapi.

Kwa hiyo kutuma moja kwa moja kwenye akaunti ya TRA kunafaa pale tu ambapo benki ya nje inaweza kumhakikishia kiasi kamili cha shilingi kitakachopokelewa, au bili yenyewe iko kwenye fedha ile ile anayotuma. Nje ya hapo, kwa maoni yangu, asijaribu bahati. Agawanye safari iwe mbili.

Safari ya kwanza ni kutoka Maskati hadi kwenye akaunti yake mwenyewe hapa nyumbani. Benki zetu kadhaa hufungua akaunti kwa Watanzania walio nje. Hapa fedha ikipungua dola 20 haidhuru, kwa sababu hakuna bili inayosubiri kiasi kamili. Dada yetu angetuma dola 400. Zikakatwa 20, zikafika 380. Kwa bei ya Sh 2,450 ni Sh 931,000. Safari ya pili ni ya hapa hapa: anafungua programu ya benki yake ya Tanzania kwenye simu, anachagua malipo ya Serikali, anaingiza kontrol namba, analipa Sh 900,000 kamili. Sh 31,000 zinabaki kwa tozo na salio. Faida nyingine ni kwamba programu nyingi, ukishaingiza kontrol namba, hukuonesha jina na kiasi kabla ya kuweka namba ya siri. Ukiona jina la mtu mwingine, umekosea tarakimu, na bado hujapoteza senti.

Asiye na akaunti nyumbani anaweza kumtumia ndugu kwenye simu, ndugu akalipa kwa kontrol namba ile ile. Bili haiulizi nani kalipa. Kaka wa Tanga alinichekesha hapa: "Mtangazaji, dada ananiamini, lakini shemeji anataka stakabadhi." Shemeji yuko sahihi. Stakabadhi iwe na kontrol namba ya bili na jina la mlipakodi. Na mtu yeyote akikutumia namba ya akaunti yenye jina la mtu binafsi akidai ni ya kupokelea kodi, hata akijitambulisha kuwa ofisa, usitume.

Sasa siku. Omani hupumzika Ijumaa na Jumamosi, sisi benki hupumzika Jumapili na nyingi hazishughulikii malipo makubwa Jumamosi. Siku ambazo pande zote mbili ziko kazini kikamilifu ni nne tu, Jumatatu hadi Alhamisi. Chukua awamu ya Septemba 2025, ambayo mwisho wake, tarehe 30, ulikuwa Jumanne. Aliyekwenda benki Maskati Alhamisi mchana tarehe 25 alidhani ana siku tano. Lakini Ijumaa na Jumamosi kule kumefungwa, Jumapili kumefungwa huku na kule dola zinakopita, na kazi inaanza Jumatatu tarehe 29. Ikichelewa siku moja tu benki ya mpito, muda umekwisha na riba ya TRA inaanza kuhesabiwa. Wiki mbili kabla ndiyo nafasi ya kutosha, na aangalie pia kama kontrol namba haitakuwa imeisha muda kabla fedha haijafika.

Kama fedha imeshatumwa na haionekani, karatasi ya "tumetuma" haitoshi. Aombe benki ya nje nakala kamili ya ujumbe wa SWIFT, ambayo wengi bado huiita MT103. Humo kuna alama ya ufuatiliaji iitwayo UETR, yenye herufi, tarakimu na vistari 36 kwa jumla, inayoiwezesha benki kuona fedha imesimama wapi. Kwenye nakala hiyo asome akaunti, maelezo ya malipo, kiasi, na kama gharama ziliwekwa OUR au SHA. Kosa likiwa kwenye maelezo tu na fedha bado imekaa benki ya hapa, benki iliyotuma inaweza kutuma ujumbe wa marekebisho. Kosa likiwa kiasi au akaunti, aombe irudishwe. Wakati huo huo kaka aliye Tanga apeleke nakala hiyo na TIN ya dada yake ofisi ya TRA inayoshughulikia faili lake, ili ijulikane fedha ilitoka lini.

Dada wa Maskati alifungua akaunti hapa nyumbani na kulipa upya kwa simu. Zile dola za kwanza zilikuwa bado njiani kurudi tulipoongea na kaka yake mara ya mwisho.