Lukositosisi: Seli Nyeupe Zinapopanda Bila Ugonjwa

Lukositosisi ni hali ya seli nyeupe za damu kuzidi kiwango cha kawaida, ambacho kwa mtu mzima ni takriban 4,000 hadi 11,000 katika kila mikrolita ya damu. Kwa Kiswahili naiita ongezeko la seli nyeupe. Wapo wanaoifasiri "maambukizi ya damu", na fasiri hiyo inataja ugonjwa ambao kipimo chenyewe hakijauona.

Chukua mgonjwa wa pumu wa Kayole aliyemeza prednisoloni miligramu 40 kila siku kwa siku tatu. Kifua kimefunguka, homa hana, ila hemogramu inasoma 15,000. Zimetoka wapi?

Karibu nusu ya nutrofili, seli nyeupe zilizo nyingi kuliko nyingine, hazitiririki. Zimejishikiza kwenye kuta za mishipa midogo, hasa mapafuni na kwenye wengu. Sindano huchota zile zinazotembea tu, kama mtu anayehesabu matatu zinazopita Barabara ya Jogoo na kuziacha zilizoegeshwa. Zilizojishikiza zikibanduka, hesabu hupanda ingawa mwili haujaunda hata seli moja mpya. Kitendo hicho nakiita mbanduko. Adrenalini hukileta kwa dakika chache: kwa kijana aliyetoka kukimbia kwa nguvu, kwa aliyeumia, hata kwa mtoto aliyelia sana kabla ya kutolewa damu. Akitulia, sehemu kubwa ya ongezeko hilo hushuka upesi.

Prednisoloni hufanya zaidi ya kubandua. Huusukuma uboho utoe nutrofili za akiba, kisha huzichelewesha kutoka mishipani kwenda kwenye tishu. Ndiyo sababu hesabu hubaki juu muda wote dawa inapoendelea. Soma basi mgawanyo wa seli, usiishie kwenye jumla: steroidi hupandisha nutrofili na kushusha limfosaiti na eosinofili. Seli changa zikiwa nyingi, au nutrofili zikionyesha chembechembe nzito za sumu chini ya hadubini, maambukizi yatafutwe kwa bidii, kwa kuwa dawa hiyohiyo huweza kuficha homa. Wala mgonjwa asiiache ghafla kwa kuogopa namba.

Mimba nayo hupandisha hesabu polepole. Miezi ya mwisho 15,000 si ajabu, na mama aliye katika uchungu kwenye wodi ya Pumwani anaweza kufika 25,000 akiwa mzima. Hapo homa, maumivu ya tumbo na harufu ya maji ya uzazi hueleza mengi kuliko hesabu.

Upande wa pili husahauliwa. Wengi wetu Afrika Mashariki tumezaliwa na nutrofili chache, bila madhara. Mtu ambaye kawaida yake ni 3,500 akifika 9,000, karatasi itaandika "kawaida", ilhali seli zake zimezidi maradufu. Mgonjwa huyo afike na hemogramu yake ya zamani, ilinganishwe na ya leo.