Itifaki, Faharasa na Kompyuta

Katika miaka ya 1230 watawa Wadominiko wa nyumba ya Mtakatifu Yakobo mjini Paris, wakiongozwa na Hugo wa Saint-Cher, walitunga itifaki ya Biblia ya Kilatini. Maneno yalipangwa kwa alfabeti, na kila neno likafuatwa na kitabu na sura lilimo. Kwa kuwa aya zilikuwa bado kutiwa namba, waligawa kila sura katika sehemu saba, tangu A hadi G. Lakini itifaki hiyo haikuonyesha maneno yaliyolizunguka neno lililotafutwa. Ilimpasa msomaji kufunua kila mahali palipotajwa. Itifaki zilizofuata ziliongeza kipande cha sentensi.

Faharasa ya mwisho wa kitabu ni kazi ya namna nyingine, maana hukusanya mambo, wala si maneno tu. Mtungaji huanza kurasa zikiisha kupangwa na namba zake kuthibitika. Husoma kitabu chote, na kila jambo linalojadiliwa huliandikia kadi. Tuchukue mfano wa historia ya usharika. Kadi ya ubatizo ikikusanya kurasa 13 mfululizo wa namba tupu, msomaji hasaidiwi. Hivyo hugawanywa katika vichwa vidogo:

Ubatizo
– mafundisho kabla ya, 31–36
– majina mapya wakati wa, 40, 77
– wa watoto wachanga, 48–52
– tazama pia Kipaimara
Wakatekumeni, tazama Ubatizo: mafundisho kabla ya

"Tazama" humtoa msomaji kwenye jina lisilochaguliwa na kumpeleka kwenye lililochaguliwa. "Tazama pia" humwonyesha jambo lililo jirani. Mtungaji hana budi kuhakiki kila rejeo, kwa maana vichwa viwili vikielekezana bila namba ya ukurasa, msomaji huzunguka bure.

Kompyuta itafutayo herufi imeirudia kazi ya Hugo kwa kasi kubwa. Tukiiandikia "ubatizo", inaruka "alibatizwa" na "wakabatizwa". Tukiandika "batiz" tu, yote hupatikana, pamoja na kila mahali alipotajwa Yohana Mbatizaji. Hata hivyo, ikiwa ukurasa wa 77 wasimulia kwamba mzee mmoja alitoka majini akiitwa Petro, hautaonekana, kwa kuwa neno lenyewe halimo. Anayetegemea njia hiyo peke yake aweza kuandika kwamba kitabu hakisemi lolote, kumbe kimesema.

Faharasa nayo ina mpaka wake. Mpagazi aliyetajwa mara moja huenda mtungaji alimwacha, na hapo kompyuta humpata mara moja. Kwa hiyo twaona ni vema kuanza na faharasa, tujue kitabu chenyewe kinayaitaje mambo, kisha ndipo tuiandikie kompyuta maneno hayo.